Tundu kwenye koti la drafti: jinsi ya kuliziba bila mstari kukatika

Cheche ndogo ikiruka ikatua kwenye bega la koti la sufu, inaacha tundu linaloonekana kama la milimita 5. Ukishakwangua ukingo ulioungua, ule mweusi unaovunjikavunjika, linakuwa la milimita 8. Kama koti ni la rangi moja, fundi yeyote mwenye mkono mwepesi atakufichia. Likiwa la drafti, na mstari mwekundu ukawa unapita palepale, kuna mambo mawili ya kurudisha: kitambaa kilichokosekana, na safari ya ule mstari kutoka juu hadi chini.

Kiraka cha kawaida kinashindwa hapo kwa sababu rahisi. Jicho la mtu halitafuti tundu, linafuata mstari. Mstari ukihama kwa upana wa uzi mmoja tu, mtu aliyesimama mbele yako ataona kuna kitu hakiko sawa kabla hajajua ni nini. Ndiyo maana mafundi wa kazi hii hawafikirii kwa kiraka, wanafikiria kwa uzi. Wanachofanya ni kufuma upya, palepale, idadi ileile ya nyuzi zilizokatika, kwa rangi zilezile na kwa mpangilio uleule.

Kabla ya kugusa sindano kuna swali moja la kujibu: rangi ya nakshi iko ndani ya uzi, au imechapwa juu ya kitambaa? Geuza nguo ndani nje. Kama mistari inaonekana sawasawa pande zote mbili, huenda imefumwa, lakini usiishie hapo. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uunyooshe juu ya karatasi nyeupe. Uzi wenye rangi moja toka mwanzo hadi mwisho unakwambia kwamba drafti imetokana na nyuzi za rangi tofauti kukutana. Uzi unaobadilika rangi njiani, kijivu kidogo, nyekundu kidogo, kijivu tena, unakwambia nakshi imechapwa, na kufuma uzi kwa uzi hakutakusaidia, maana hutapata uzi mwingine uliobadilika rangi mahali palepale. Nitarudi kwenye nguo za kuchapwa mwishoni. Kwa sasa tubaki na koti.

Kitambaa chake ni cha kijivu. Kila baada ya nyuzi 24 za kijivu kuna nyuzi 4 nyekundu, na hali ni hiyohiyo kwa urefu na kwa upana, ndiyo maana drafti inatokea. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa nguo ni mtande, zinazokatiza kwa upana ni mshindio. Kila uzi wa mshindio unapita juu ya nyuzi mbili za mtande, kisha chini ya mbili, na kila mstari unaofuata unasogea uzi mmoja pembeni. Kusogea huko ndiko kunakozaa zile mistari midogo ya mshazari unayoiona kwenye nguo nyingi za sufu na kwenye jinzi, ingawa jinzi nyingi zina hesabu tofauti kidogo.

Weka rula na uhesabu kwa lenzi ya kukuzia, kwenye sehemu nzima ya kitambaa, si kwenye tundu. Hapa tunapata nyuzi 16 kwa sentimita. Tundu lenye upana wa milimita 8 na kimo cha milimita 7 limekata nyuzi 13 za mtande na 11 za mshindio. Sasa zifuate zile 13 kutoka kushoto kwenda kulia kwa kuangalia vichwa vyake juu ya tundu: 3 za kijivu, 4 nyekundu, 6 za kijivu. Za mshindio zote 11 ni za kijivu, kwa sababu mstari mwekundu wa upana unapita chini kidogo ya tundu. Yaandike hayo kwenye karatasi. Utayahitaji utakapokuwa umechoka macho.

Nyuzi utazitoa wapi? Ndani ya koti lenyewe, kwenye sehemu zisizoonekana. Uzi wa dukani hata ukilingana rangi hautalingana unene, wala msokoto, wala ule mng'ao, na tofauti itajitokeza mara taa itakapopiga kwa pembeni. Kwa mshindio nenda kwenye pindo la chini. Fumua sentimita chache za bitana, utakuta ukingo wa kitambaa uliofichwa, na nyuzi zinazolala kando yake ni za mshindio. Kila kipande unachohitaji ni cha sentimita 8 hivi: milimita 8 za tundu, sentimita 2 za kujishikiza kila upande, na mabaki ya kushika kwa vidole. Vipande 11 ni sentimita 88 kwa jumla, kwa hiyo nyuzi mbili ndefu kutoka kwenye pindo zinatosha. Watu hudhani watalazimika kuliharibu koti ili walitengeneze, kumbe mahitaji ni madogo sana.

Mtande ndio wenye ugumu. Kwenye pindo nyuzi zake zipo, lakini zina urefu wa pindo tu, sentimita 3 au 4, hazitoshi. Inabidi utafute mshono unaokwenda kwa urefu: katikati ya mgongo, ubavuni, au kwenye mpasuo wa nyuma, ambako kitambaa cha chini kinafunikwa na cha juu. Kitambaa cha ziada kilichobaki ndani ya mshono kinakupa mtande mrefu. Chomoa kuanzia ukingoni, na usipunguze hadi kukaribia mshono, acha walau sentimita moja la sivyo utafumuka. Uzi mmoja mwekundu wa sentimita 32 unatoa vipande vyote 4. Cha kuombea ni kwamba mstari mwekundu unaangukia ndani ya mshono mahali fulani. Usipoupata, kuna kishawishi cha kuchukua uzi mwekundu wa mshindio kwenye pindo na kuutumia kama mtande. Inawezekana, nami nimeshafanya, lakini linganisha kwanza. Mara nyingi mtande umesokotwa kwa kukazwa zaidi, hivyo uzi wa mshindio uliowekwa mahali pake unaonekana mnene na laini kuliko wenzake.

Jambo jingine la kuangalia ukiwa bado na nyuzi mkononi ni jua. Bega la koti limepigwa na jua miaka yote, pindo halijawahi kuliona. Weka uzi uliouchomoa juu ya bega, kwenye mwanga wa dirishani, si wa taa. Ukionekana umekolea, tafuta sehemu iliyofifia kwa kiasi kilekile, mfano ukingo wa kitambaa unaochungulia kwenye mpasuo. Tofauti ndogo inamezwa na nyuzi za jirani. Tofauti kubwa itabaki kama doa la mraba.

Sasa kazi yenyewe. Shikiza eneo la tundu kwa mishono mirefu juu ya karatasi ngumu ili kitambaa kisivutike wala kulegea. Tumia sindano nyembamba ya sentimita 6 au 7, yenye ncha butu. Ncha kali inachana nyuzi katikati, na uzi uliochanwa hauwezi kufuatwa. Anza na mtande. Chukua uzi wa kwanza uliokatika upande wa kushoto, panda nao juu ya tundu sentimita 2, na kuanzia hapo pitisha sindano tupu ikifuata njia yake hasa: pale unapozama, zama, pale unapoibuka, ibuka. Vuka tundu, ukaufuate uzi huohuo upande wa chini kwa sentimita 2 nyingine. Sindano ikiwa imelala hivyo, tundu la sindano likiwa bado nje pale ulipoanzia, ndipo unapotunga uzi na kuvuta. Kwa uzi mfupi wa sentimita 8 hakuna njia nyingine, maana ukitunga kwanza utakwama katikati huna pa kushika.

Hakuna fundo popote. Ncha zinabaki upande wa ndani, kila moja ikining'inia kama nusu sentimita, na kinachozishika ni msuguano wa sufu na sufu. Uzi wa pili usianzie mstari mmoja na wa kwanza. Uanzie sentimita moja na nusu juu ya tundu, wa tatu urudi kwenye mbili, na kuendelea. Pale uzi mpya unapolala sambamba na wa zamani kitambaa kinakuwa kinene kidogo, na unene huo ukiishia kwenye mstari mmoja ulionyooka utaonekana kama kovu baada ya pasi.

Baada ya nyuzi 13 za mtande kulala juu ya tundu kama nyuzi za gitaa, 3 kijivu, 4 nyekundu, 6 kijivu, mstari wako mwekundu umesharudi. Sasa ingia na mshindio, na hapa ndipo kitambaa chenyewe kinapokukagua. Unaanza sentimita 2 kushoto mwa tundu, unafuata uzi wa zamani, juu ya mbili, chini ya mbili, unafika ukingoni. Endelea na hesabu hiyohiyo juu ya mtande mpya, bila kuanza upya. Ukifika ukingo wa kulia, uzi wa zamani upande ule unatakiwa uendelee pale wako ulipoishia: kama umemaliza juu ya mmoja, yeye awe juu ya mmoja mwingine ndipo azame. Ukikuta yeye yuko chini wakati wewe ulipaswa kuwa juu, kuna mtande umepungua au umezidi, au umeruka mahali. Usilazimishe. Rudi uhesabu.

Nalisema hilo kwa uchungu. Koti langu la kwanza kulifuma lilikuwa na mtande 12 badala ya 13, mmoja ulikuwa umejificha chini ya ukingo ulioungua nisiuone. Mshindio wa kwanza ulipokataa kukutana upande wa kulia, nikajidai ni kosa la jicho, nikapitisha juu ya mmoja badala ya mbili ili mambo yakae. Nikafanya hivyo mara zote 11. Kwa karibu tundu lilikuwa limezibika vizuri mno. Mwenye koti alipolivaa, mistari ya mshazari begani ilikuwa na ngazi, kama jeraha la mchoro. Nilifumua yote usiku ule.

Kila baada ya mshindio mmoja, usukume kwa ncha ya sindano uusogelee uliotangulia, na usivute. Mshindio uliokazwa unawaleta mtande pamoja, tundu linakuwa limezibwa lakini kitambaa kinajikunja kando yake. Uache ulegee nywele moja, mvuke utaumaliza. Ukimaliza wote 11, toa karatasi, laza koti upande wa ndani juu, weka kitambaa chenye unyevu na ushushe pasi bila kuiburuza. Sufu ikipata mvuke inajivuta na kushikana. Kata ncha zilizoning'inia baada ya hapo, si kabla, kwa sababu nyingine zitakuwa zimejirudisha ndani zenyewe.

Kisha inua dhidi ya dirisha. Pakionekana angavu kuliko pembeni, nyuzi zimepungua au hazijasukumwa. Pakiwa peusi na penye uvimbe, zimezidi. Laza tena na uangalie kwa pembeni, kwa mwanga wa kuteleza. Mistari ya mshazari ipite tundu bila kuvunjika. Tundu kama hili huchukua saa mbili hadi tatu, na kuharakisha kunaonekana.

Wino unaingia kwenye mazungumzo haya kwa mlango wa nyuma. Doa la kalamu ya kawaida ya wino wa mafuta mara nyingi linayeyuka kwa spiriti: weka kitambaa cheupe chini ya doa, dondoshea spiriti kwa pamba kutoka upande wa ndani, na bonyeza, usisugue, ukihamisha kitambaa cha chini kila kinapochafuka. Jaribu kwanza kwenye mshono wa ndani, maana spiriti inaweza kuondoka na rangi ya nakshi pamoja na wino. Wino wa jeli ni habari nyingine. Mwingi una chembe za rangi zisizoyeyuka, na hapo mtu anakimbilia dawa ya klorini. Kwenye pamba yenye mistari, klorini inaweza kutoa mstari hata wino ukibaki, ubaki na doa jeupe ambalo halifutiki. Kwenye sufu au hariri ni mbaya zaidi, inakula nyuzi zenyewe.

Wino ukikataa kutoka, lihesabu doa kama tundu. Tone la milimita 3 kwenye kitambaa chetu limeshika nyuzi 5 hivi kila upande, na kwa kuwa wino husafiri ndani ya uzi kuliko kuruka kwa jirani, huenda mmoja umechafuka kwa urefu wa sentimita nzima. Hakuna haja ya kukata shimo. Kata uzi mmoja uliochafuka katikati ya doa, chomoa vipande viwili kuelekea nje kwa sindano hadi ufike kwenye rangi safi, kisha pitisha mpya kwenye njia iliyoachwa wazi. Maliza huo ndipo ukate wa pili. Ukikata yote kwa pamoja unajitengenezea tundu ambalo hukuwa nalo.

Mshono uliochanika unaonekana mwepesi kuliko vyote, na mara nyingi ni mwepesi kweli, kama kilichokatika ni uzi wa kushonea tu. Unarudia kwenye matundu yaleyale ya sindano. Shida ya drafti ni kwamba ukibana vipande viwili uso kwa uso na kupeleka kwenye cherehani, cha chini kinavutwa na meno ya mashine kuliko cha juu, na ukifika mwisho mistari imepishana milimita kadhaa. Dawa yake ni kuufunga kutoka nje kwanza. Kunja ukingo wa kipande kimoja kwenye mstari wa mshono, ulaze juu ya mwenzake hadi mistari ikutane, kisha pitisha uzi wa muda, sindano ikiingia ndani ya mkunjo na kutokea kwenye kitambaa cha chini, mshono mmoja kila sentimita nusu. Ukifungua kwa ndani, utaona mstari wa uzi wa muda palepale cherehani inapotakiwa kupita, na mistari haina pa kukimbilia.

Kama kitambaa chenyewe kimechanika kando ya mshono, wengi husogeza mshono ndani. Ukisogeza milimita 5 kila upande, sentimita moja ya drafti imetoweka, na kisanduku kimoja kitakuwa chembamba kuliko vyote ubavuni. Mistari ya upana itakutana, ya urefu itakuwa imekaribiana. Kwenye ubavu chini ya kwapa nitasogeza bila kufikiri. Katikati ya mgongo nitakaa nifume.

Na kuna nguo ambazo sitazifuma. Shati jembamba la pamba linaweza kuwa na zaidi ya nyuzi 40 za mtande kwa sentimita. Kuzifuata moja moja kwa mkono ni kujitafutia upofu. Fulana za kuvutika hazina mtande wala mshindio, ni vitanzi, na tundu lake linahitaji kufuata vitanzi. Kwa haya mawili na kwa nguo za maua ya kuchapwa kinachobaki ni kipande kilichochaguliwa vizuri. Kwa maua ya kuchapwa, pima kwanza nakshi inajirudia baada ya sentimita ngapi. Ikijirudia kila sentimita 4, ndani ya pindo pana utapata ua lilelile lililotobolewa. Ikijirudia kila sentimita 60, huenda ua hilo halipo popote pengine kwenye nguo. Ukilipata, usikate mraba. Kata ukifuata ukingo wa jani au petali, acha milimita 4 za kukunja, laza juu ya tundu hadi mchoro ukutane, na ushone kwenye ule mstari mweusi unaozunguka petali, kwa uzi wa rangi ya mstari huo. Jicho lilikuwa limeshazoea kuona mstari hapo.